Achaneni na Samaki wa China, Angalieni Gunia

Wasee wangu, kila nikiposti kitu kuhusu biashara, lazima mtu aniandikie: "Kwani sisi ni watu gani, hata njiti za meno tunaleta kutoka China?" Sawa, nimesikia. Lakini hebu jibu swali moja. Pakiti ya njiti kwenu nyumbani inakaa muda gani? Kwetu Migori, ile iliyo juu ya kabati imemaliza mwaka. Ilinunuliwa kwa shilingi chache, na aliyeitengeneza alipata faida ya senti, kwa sababu mashine yake inatema mamilioni. Ukitaka kushindana naye unahitaji mti mweupe usio na ladha, mashine ya kuchana, mashine ya kung'arisha, na wateja wa nchi nzima. Yaani njiti ni kitu kizuri cha kulalamikia na kibaya cha kutengeneza.

Hapo ndipo wengi wetu tunapotea. Tunachagua kitu kwa sababu kinatuaibisha. Hatuangalii ni nani anakinunua kila wiki, na ndani yake kuna nini.

Aibu kubwa ya huku ziwani mnaijua. Unatembea soko la Homa Bay, ziwa unaliona kwa macho, upepo wake unakupiga usoni, halafu mama anafungua katoni ya tilapia waliogandishwa kutoka China. Wana saizi moja, kama wamepigwa muhuri. Oktoba 2018 hadi Rais Uhuru Kenyatta alisema hadharani kwamba samaki hao wazuiwe. Kila mtu alipiga makofi. Lakini mama wa sokoni hakuwa ananunua China kwa sababu hapendi ngege. Ananunua kwa sababu katoni ipo leo, kesho ipo, na bei inamwachia kitu.

Kwa hivyo vijana wakasema: basi tufuge wenyewe. Keji zikajaa ziwani, na KMFRI walipozihesabu miaka michache baada ya 2015 walipata zaidi ya 3,600 upande wa Kenya, nyingi zikiwa Siaya. Huku Homa Bay, Victory Farms walianza pale Roo, karibu na Sindo, na leo ni kampuni kubwa kabisa. Hata kabla ya keji, kuanzia 2009, serikali ilichimba mabwawa 200 katika kila eneo bunge kati ya 140. Nendeni Rongo, Awendo au Uriri mkaulize. Mtaonyeshwa mahali bwawa lilikuwa, na mtaambiwa sasa ni shamba la nduma.

Kwa nini yalikufa? Ukiuliza wazee wenye mabwawa, wengi wanakujibu neno moja: chakula. Kwa mfugaji wa tilapia, chakula ndicho kinameza pesa nyingi kuliko kitu kingine chochote, mara nyingi zaidi ya nusu ya gharama yote. Na chakula chenyewe kinatoka wapi? Geuza gunia usome nyuma. Mengine yametoka Zambia, mengine Misri, mengine mbali zaidi. Hata yale yanayochanganywa hapa nchini, soya yake mara nyingi imevuka mpaka.

Sasa hicho ndicho kitu cha kuangaliwa. Mfugaji analinunua hilo gunia kila wiki, kwa miezi sita au saba, hawezi kuacha katikati. Hakuna anayelipigia kelele kwa sababu halikai kwenye sahani. Mimi nasema hivi: mkitaka kujua kama tunaweza kutengeneza kitu chetu hapa, msianze na samaki. Anzeni na gunia lake.

Nimelifanyia kazi hili na binamu yangu, ana mabwawa mawili upande wa Rongo, na nawaambia tulichojifunza. Si hadithi ya kuomoka. Tulipoteza doo kwanza.

Mfungue gunia kichwani mwako. Chembe za chakula cha tilapia mkubwa huwa na protini karibu asilimia 30. Iliyobaki ni wanga, mafuta kidogo, na vitamini. Protini huku iko wapi? Omena. Omena mkavu mzuri ana protini karibu asilimia 55. Wanga uko wapi? Pumba laini za mchele, na mchele tunao, skimu ya Lower Kuja iko hapo Nyatike. Pumba nzuri ina protini kama asilimia 11. Nasema pumba laini, ile ya unga unga, si yale makapi magumu ya nje ambayo samaki hawezi kuyafanyia kitu.

Kuchanganya ni hesabu ya darasa la saba. Unataka 30. Toa 30 kwa 55, unabaki na 25: hayo ni mafungu ya pumba. Toa 11 kwa 30, unabaki na 19: hayo ni mafungu ya omena. Jumla mafungu 44. Kwa mchanganyiko wa kilo 50, omena ni kilo 21 na nusu, pumba kilo 28 na nusu. Ukishaongeza unga wa muhogo wa kushikanisha, protini inashuka kidogo chini ya 30. Kwa samaki wa bwawa ambaye ameshapita utoto, hiyo haina neno, nitaeleza kwa nini.

Utengenezaji nao ni hivi. Unasaga omena na pumba ziwe laini kabisa, unachekecha. Unapika unga wa muhogo uwe uji mzito, hiyo ndiyo gundi. Unakanda vyote na maji moto hadi iwe kama unga wa chapati uliokauka kidogo. Halafu unapitisha kwenye mashine ya kusaga nyama, ile ya kuzungusha na mkono, inatoka kama tambi. Unaanika juu ya turubai, unavunja vunja vipande vifupi. Imekauka ukiivunja ikalia "ta!" Ikijipinda bado.

Raundi yetu ya kwanza tuliona tumefika. Harufu nzuri, rangi nzuri, tukapiga picha. Tukamwaga kwenye bwawa siku nne. Siku ya tano asubuhi samaki walikuwa juu, midomo nje, wanavuta hewa. Maji yamekuwa ya kahawia.

Tulikosea vitu viwili. Kwanza, omena wetu alikuwa ameanikwa kwenye mchanga mtupu, na tulinunua kwa kilo. Yaani tulinunua mchanga. Siku hizi kabla ya kulipa naweka konzi moja kwenye ndoo ya maji, nakoroga, naangalia kinachobaki chini. Ukiona tabaka la mchanga, ama bei ishuke au uende kwa yule anayeanika kwenye nyavu. Pili, hatukusaga laini, na gundi ilikuwa kidogo, kwa hivyo chembe ziliyeyuka kabla hazijaliwa. Chakula kikaoza chini, na kuoza kunakula hewa ya kwenye maji. Samaki hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wanakosa pumzi.

Kipimo tungekifanya nyumbani kwa glasi. Chembe kumi kwenye glasi ya maji, unangoja dakika kumi bila kutikisa. Zikibaki na umbo, sawa. Zikiwa uji, rudi jikoni. Dakika kumi zingetuokolea wiki nzima ya kubadilisha maji kwa ndoo.

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Chembe zetu zinashikana, samaki wanakula. Je, zinaweza kuchukua nafasi ya gunia?

Kwa mwenye keji, hapana. Na hapa sitaki mtu anipinge kwa maneno matamu ya "tujiamini", kwa sababu ni suala la mashine. Chembe za gunia zinaelea. Zinaelea kwa sababu zimepikwa ndani ya mashine inayosukuma unga kwa joto kali na presha, halafu unga ukitoka nje presha inaachia ghafla, wanga unafura kama bisi, hewa inabaki ndani. Mashine ya kusaga nyama haina joto hilo wala presha hiyo. Chembe zake zinazama. Na keji ni wavu unaoning'inia ziwani. Chembe ikizama inapita kwenye wavu inaenda zake chini. Umelisha ziwa. Tena uchafu unalundikana chini ya keji zako mwenyewe, na ziwa likichafuka hivyo hewa inapungua. Mwishoni mwa 2022 wafugaji upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi sana kwenye keji, na watafiti walitaja ukosefu wa hewa majini. Kuna pia hili: samaki wa keji hana kingine cha kula. Vitamini zote lazima zitoke kwenye chembe. Ukikosea mchanganyiko, hana pa kujitetea.

Mashine ya kutengeneza chembe zinazoelea inauzwa, naam, lakini inataka mtaji wa maana, umeme wa fezi tatu, na tani nyingi za kazi kila mwezi ili ijilipe. Hiyo si hasoli ya vijana wanne na turubai. Ni kiwanda.

Kwa mwenye bwawa mambo ni tofauti kabisa. Bwawa lina sakafu. Na bwawa likitiwa samadi vizuri, maji yanakuwa kijani, yaani yana mimea midogo midogo ambayo tilapia anaichuja na kuila. Ukizamisha mkono hadi kwenye kiwiko na usione vizuri kiganja chako, chakula cha asili kipo. Ndiyo maana chembe yenye protini pungufu kidogo, bila vitamini za kiwandani, bado inamtosha. Shida ya kuzama tuliitatua kwa fremu ya mbao yenye neti, tunaiteremsha nusu mita ndani ya maji, tunaweka chakula juu yake. Baada ya nusu saa tunaivuta. Kikibaki, kesho tunapunguza. Mzungu wa gunia anaona samaki wakiruka kula, sisi tunasoma fremu.

Umeona kilichotokea hapo? Kitu hakikubadilika, chembe ni zile zile. Mteja ndiye alibadilika. Watu wakiniuliza "hiki kinaweza kutengenezwa huku?" mimi sasa nauliza: kwa nani? Kile kitu kigumu ambacho kiwanda kinafanya na wewe huwezi, kuna mteja ambaye hakihitaji? Kama yupo, na anatosha, una biashara. Kama kila mteja anakihitaji, wachana nayo uende njiti za meno.

Bado hesabu ya pesa, na hapa ndipo vijana wa mtandaoni wanadanganyana sana. Mtu anasema: "Gunia ni shilingi 150 kwa kilo, mimi natengeneza kwa 85, nimeokoa karibu nusu!" Hapana buda, hujaokoa nusu. Samaki halipi kwa kilo ya chakula. Analipa kwa kilo ya nyama yake.

Chukua bwawa la kawaida lile la serikali, mita 15 kwa 20, vifaranga 1,000. Tuseme wamefika 800 wa gramu 250. Hizo ni kilo 200 za samaki. Chembe za gunia, kilo moja na nusu inakupa kilo moja ya samaki. Kwa 150, chakula cha kilo moja ya samaki ni shilingi 225. Chembe zetu ni dhaifu zaidi, tunatumia kilo mbili na pointi mbili. Tukinunua omena kwa 130 na pumba kwa 30, kilo ya mchanganyiko ni kama 73. Ongeza 12 ya muhogo, kusaga na kuni, unafika 85. Zidisha kwa 2.2: shilingi 187. Tofauti na gunia ni 38 kwa kila kilo ya samaki, yaani kama 7,600 kwa bwawa zima. Si mbaya. Lakini si nusu, na jasho letu la kukanda sijalihesabu. Bei hizi ni za mfano, weka za kwenu.

Halafu inakuja Aprili. Kila mwaka kuanzia tarehe 1 Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena unafungwa upande wetu ili wazaane. Bei inapanda. Omena wakifika 200, kilo ya mchanganyiko wetu inakuwa 115, na kilo ya samaki inakula 253. Sasa gunia la kutoka nje ni rahisi kuliko letu! Binamu hakutaka kuamini, tulirudia hesabu mara tatu nyuma ya daftari ya kanisa. Kwa bei hizo, mstari uko kwenye omena wa shilingi 170. Chini ya hapo tunatengeneza, juu ya hapo tunanunua gunia na kunyamaza.

Mnaweza kusema, si muweke akiba kabla ya Aprili? Tulijaribu kidogo. Omena mkavu kweli kweli, kwenye gunia lililoinuliwa juu ya mbao, anakaa. Chembe zilizokwisha kutengenezwa hazikai hivyo, hasa mvua za Aprili zikianza. Tunatengeneza za wiki tatu tu. Ukiona ukungu au ukisikia harufu ya uvundo, usianike tena eti zipone. Sumu ya ukungu haiondoki kwa jua. Mwaga shimoni, na si kwa kuku wa jirani.

Kuna jambo jingine linanisumbua kuhusu omena, na sitalificha. Hiki ndicho chakula cha nyumba nyingi huku zisizoweza kununua ngege. Nikinunua omena kwa magunia nilishe ngege wa kuuzia hoteli, mimi pia napandisha bei ya sahani ya mtu. Ndiyo maana tunachukua wale waliovunjika vunjika, ambao hawaendi sokoni. Pia tumeanza kubadilisha robo ya omena kwa soya, lakini soya lazima ikaangwe kwanza, mbichi inamzuia samaki kusaga protini tumboni. Hapo bado tunajaribu, sitawapa vipimo ambavyo sijaviamini.

Na mtu asichukue hii posti akachapisha lebo kesho. Kujilishia samaki wako ni kitu kimoja. Kumuuzia mwingine chakula kwenye gunia ni kingine, KEBS wana viwango vya chakula cha samaki, na protini unayoiandika lazima maabara iikute ndani. Ndiyo maana sisi hatuuzi chembe. Wenye mabwawa watano wanaleta pumba na omena wao, tunawasagia na kuwapitishia kwenye mashine, wanalipa kwa kilo, wanabeba chao. Pesa ni ndogo lakini hatari ya bei ya omena haiko kwetu, na kila mmoja anajua alichoweka.

Msimu huu tunataka kujua kama ile 2.2 inaweza kushuka ifike 1.9, kwa kusaga laini zaidi na kulisha mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Tunapima samaki 30 kila baada ya wiki mbili, kwa mizani ya jikoni, tunaandika. Nitawaletea namba mwezi wa tatu, kabla omena hawajafungwa.

Ile mashine ya kusaga nyama, kwa wale mlioniuliza kwenye inboksi ninaiuza pesa ngapi, si yangu. Ni ya mama. Ameshasema nisiirudishe jikoni kwake ikinuka omena.